Andalio la Somo la Sayansi Darasa la IV: Maji Maangavu na Maji Salama

Mzazi anayeombwa na shule kumpa mtoto chupa tupu ya maji na mkono mmoja wa mchanga aende navyo darasani ana haki ya kujua vinakwenda kufanya nini. Jibu limo katika waraka ambao wananchi wengi hawajapata kuuona, nao ni andalio la somo. Mwalimu huuandika kabla ya kuingia darasani, akiutoa katika azimio la kazi, ambalo nalo hutokana na muhtasari wa somo unaotayarishwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwalimu mkuu huukagua, na wathibiti ubora wa shule huutazama wanapotembelea shule. Makala haya yanaeleza andalio moja la Darasa la IV, somo la Sayansi, kuhusu usafi wa maji, kuanzia malengo hadi upimaji.

Mada hii imechaguliwa kwa sababu ni rahisi kuifundisha vibaya. Mwanafunzi hutengeneza chujio la mchanga, humimina maji ya tope, huona yakitoka yakiwa maangavu, na hurudi nyumbani akiamini kwamba maji hayo yanafaa kunywewa. Kipindi kimependeza, zana zimetumika, na mtoto ametoka na imani inayoweza kumletea kipindupindu au homa ya matumbo. Andalio zuri la mada hii huandikwa tangu mwanzo ili kuzuia jambo hilo.

Malengo

Kosa linaloonekana mara nyingi katika maandalio ni lengo lisilopimika. "Mwanafunzi aelewe usafi wa maji" ni sentensi isiyo na makosa ya lugha, lakini dakika ya mwisho ya kipindi mwalimu hana njia ya kujua ni nani ameelewa. Lengo linapaswa kutaja tendo ambalo mwalimu anaweza kuliona au kulisoma kwenye daftari. Katika andalio hili malengo ni mawili tu: ifikapo mwisho wa vipindi viwili vya dakika 40 kila kimoja, kila mwanafunzi aweze, kwanza, kushiriki na kikundi chake kutengeneza chujio linalofanya maji ya tope yawe maangavu, na pili, kueleza kwa maneno yake kwa nini maji yaliyochujwa hivyo bado hayafai kunywewa kabla ya kuchemshwa.

Lengo la pili ndilo zito. La kwanza lipo ili la pili liwe na mahali pa kusimama, kwa kuwa mtoto hawezi kutilia shaka maji maangavu ambayo hajayaona yakiwa maangavu mbele ya macho yake.

Vifaa na matayarisho ya siku moja kabla

Tuchukue darasa la mfano lenye wanafunzi 54, lililogawanywa katika vikundi 9 vya wanafunzi 6. Kila kikundi kinahitaji chupa moja ya plastiki ya lita 1.5 iliyokatwa kitako, bilauri au chupa nyingine angavu ya kukingia maji, kipande cha pamba au kitambaa safi cha kuziba mdomo wa chupa, nusu kikombe cha mkaa uliopondwa, kikombe kimoja cha mchanga laini, nusu kikombe cha mchanga wa chembe kubwa, na nusu kikombe cha kokoto ndogo. Chupa hukatwa na mwalimu mwenyewe, si watoto, kwa sababu plastiki iliyokatwa kwa kisu huacha ukingo mkali. Maji ya tope ya darasa zima hutayarishwa katika ndoo moja ya lita 10 kwa kukoroga humo vikombe viwili vya udongo wa shambani.

Vifaa vyenyewe ni rahisi kupatikana, na kazi kubwa ya mwalimu ni kuviosha. Mchanga uliochotwa mtoni au penye ujenzi umejaa vumbi na udongo, na mkaa uliopondwa una masizi. Vikitiwa kwenye chupa jinsi vilivyo, maji yatakayotoka chini yatakuwa machafu kuliko yale yaliyoingia juu, na watoto watahitimisha, kwa haki kabisa, kwamba chujio linachafua maji. Kwa hiyo mchanga na kokoto huoshwa ndani ya ndoo na kumwagwa maji yake mara nne, tano au zaidi, mpaka maji ya kuoshea yaonekane hayana rangi. Mkaa huoshwa peke yake.

Jambo la pili la kuangaliwa mapema ni aina ya udongo. Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo mno, kiasi kwamba hupita katikati ya mchanga na kuacha maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa hata baada ya kuchujwa mara tatu. Mwalimu ambaye shule yake ina udongo wa namna hiyo atafute udongo wa kichanga, au akoroge ndoo yake jana yake, aiache itulie usiku kucha, kisha atumie maji ya juu. Njia ya uhakika ya kulijua hili ni kutengeneza chujio moja siku moja kabla na kulijaribu kwa maji yaleyale yatakayotumika darasani. Mwalimu asiyejaribu hujua tatizo lake mbele ya wanafunzi wote.

Mbali na hivyo, mwalimu huandaa kwa ajili ya onesho lake mwenyewe nusu lita ya maji iliyokorogwa vijiko vitatu vya chakula vya chumvi, maji kidogo ya mvua, vijiko viwili vya chuma vyenye mpini wa kushikia kwa kitambaa, mshumaa na kiberiti.

Utangulizi: dakika 10

Mezani kuna chupa tatu zisizo na lebo ila herufi A, B na C. Chupa A ina maji ya tope. Chupa B ina maji yaliyochemshwa na kupoa. Chupa C ina yale maji ya chumvi, ambayo yakishatulia hayatofautiani kwa macho na ya B. Mwalimu huwauliza wanafunzi wangekunywa maji ya chupa gani, huhesabu mikono, na huandika hesabu ubaoni bila kusema nani amepatia. Kwa kawaida A haipati mtu, na B na C hugawana darasa. Hesabu hiyo huachwa ubaoni mpaka mwisho, kwa kuwa itarejewa.

Kanuni moja hutangazwa hapa na haina msamaha: leo hakuna anayeonja kitu chochote.

Kujenga maarifa mapya: dakika 30

Dakika 5 za kwanza ni za maelekezo, na hutolewa kabla ya kugawa vifaa. Vifaa vikitangulia, maelekezo hayasikiki. Mwalimu huonyesha mpangilio wa tabaka kwa kuushikilia mfano wake juu: chupa imegeuzwa, mdomo chini, pamba imeziba mdomo, juu yake mkaa, kisha mchanga laini, kisha mchanga wa chembe kubwa, na kokoto juu kabisa. Sababu ya mpangilio huo inastahili kuulizwa badala ya kutolewa. Kokoto hushika majani na vijiti na kuzuia maji yasichimbe shimo kwenye mchanga. Mchanga mkubwa hushika takataka za kati. Mchanga laini hushika zilizo ndogo zaidi. Mkaa wa kawaida hupunguza rangi na harufu kwa kiasi fulani. Mwanafunzi atakayeuliza kwa nini mchanga laini usiwe juu ajibiwe kwamba ungeziba mapema na maji yasingepita.

Dakika 12 zinazofuata ni za kutengeneza, na dakika 13 za kuchuja na kutazama. Kikombe cha kwanza cha maji kinachotoka humwagwa, kwa kuwa bado kinasuuza chujio. Vikombe viwili vinavyofuata hukingwa.

Mwalimu anapopita katikati ya vikundi, kuna kasoro moja ya kutafuta kwa macho. Chujio likifanya kazi vizuri, maji hutoka kwa matone au kwa uzi mwembamba. Yakitoka kwa kasi kama maji ya bomba, na yakiwa bado na tope, kuna mwanya: ama mchanga haukugusa vizuri ukuta wa chupa, ama mtoto alimimina kwa nguvu maji yakachimba njia yao. Dawa yake ni kugonga chupa taratibu kwa kidole ili mchanga ushuke, kuongeza mchanga kidogo, na kumimina upya polepole juu ya kokoto.

Ili neno "maangavu" lisiwe la kukisia, kila kikundi huandika neno MAJI kwa kalamu kwenye karatasi, huweka bilauri juu yake na kutazama kutoka juu. Kabla ya kuchuja, herufi hazionekani. Baada ya kuchuja, zinasomeka. Maji yajazwe kwa kina kilekile mara zote mbili, tuseme upana wa vidole vinne, kwa maana hata maji ya tope yakiwa machache sana huonyesha maandishi yaliyo chini yake.

Hapa lengo la kwanza limefikiwa, na hapa ndipo walimu wengi hufunga kipindi.

Kuimarisha maarifa: dakika 15

Mwalimu huchukua chujio moja lililofanya kazi vizuri kuliko mengine na kumimina humo maji ya chupa C. Huwauliza wanafunzi wanatarajia nini, kisha humwaga kikombe cha kwanza kinachotoka, kwa sababu kimechanganyika na maji yaliyokuwa ndani ya mchanga, na kukinga kinachofuata. Maji ni maangavu kabisa. Huweka matone machache kwenye kijiko na kukishikilia juu ya mwali wa mshumaa. Kwenye kijiko cha pili huweka matone ya maji ya mvua na kufanya vivyo hivyo. Maji yanapokauka, kijiko cha kwanza hubaki na ukoko mweupe. Cha pili hubaki karibu kitupu. Vijiko huzungushwa kwenye vikundi vikishapoa.

Maji ya mvua yametajwa kwa makusudi. Katika maeneo kama Dodoma na Singida, ambako maji mengi ya visima yana chumvichumvi, maji ya bomba pia yataacha alama nyeupe kwenye kijiko, na onesho litapoteza maana.

Swali la mwalimu baada ya hapo ni moja: chujio lenu, lililoondoa tope lote, limeacha kitu kipite ambacho hamkukiona, je, ni kitu gani kingine kisichoonekana kinachoweza kupita? Watoto wa umri huu huwa wamesikia habari za vijidudu nyumbani au zahanati, na jibu hutoka kwao. Mwalimu huongeza kipimo kinachosaidia kufikiri: bakteria wa kipindupindu ana urefu wa takribani maikromita 2, kwa hiyo bakteria 500 wakipangwa mstari mmoja hujaza milimita moja ya rula. Nafasi zilizopo kati ya chembe za mchanga, hata ule laini, ni pana mara nyingi kuliko hapo. Kwa bakteria, chujio letu ni lango lililo wazi.

Ni lazima pia mwalimu aseme waziwazi kwamba chumvi ilikuwa mfano tu. Chumvi imeyeyuka majini. Bakteria ni kiumbe hai, kikubwa mno kuliko chembe ya chumvi iliyoyeyuka. Kuchemsha huua bakteria, ilhali hakuondoi chumvi. Asiposema hivyo, baadhi ya wanafunzi watatoka wakidhani kwamba ubaya wa maji yaliyochujwa ni chumvi iliyomo.

Majadiliano: dakika 10

Vikundi hujibu maswali mawili. La kwanza: tufanye nini ili maji haya yanyweke? La pili: kama kuchemsha ndiko kunakoua vimelea, kwa nini basi tuchuje?

Kwa swali la kwanza, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuyapasha moto maji mpaka yatokote kwa mapovu makubwa, kisha kuyaacha yapoe yenyewe bila kuongezwa barafu au maji mengine. Vimelea vingi vya magonjwa ya kuhara hufa kabla maji hayajafika kiwango cha kuchemka. Mtokoto unatumika kama ishara kwa kuwa kila jikoni huonekana bila kipimajoto. Hii ndiyo sababu kuchemsha hufaa hata katika nyanda za juu. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, maji huchemka kwenye takribani nyuzijoto 93 badala ya 100, na bado joto hilo linatosha, ingawa baadhi ya miongozo hushauri yaachwe yatokote kwa dakika 3.

Kwa swali la pili, maji ya tope hayapendezi kunywa hata yakichemshwa, na kwa familia inayotumia dawa ya klorini badala ya kuni au mkaa, kuchuja ni lazima zaidi: tope hutumia nguvu ya dawa na kuwapa vimelea mahali pa kujificha. Mpangilio ni kuchuja kwanza, kutibu baadaye.

Huenda mwanafunzi akauliza mbona mamlaka za maji mijini hutumia mchanga. Ni swali zuri. Machujio ya mchanga ya polepole ya mitambo ya maji hupunguza vimelea kwa kiasi kikubwa, kwa sababu juu ya mchanga wake huota utando wa viumbe hai wadogo wanaovila au kuvinasa. Utando huo huchukua wiki kadhaa kukomaa, na chupa yetu ina umri wa nusu saa. Hata hivyo, maji ya mitambo hiyo kwa kawaida hutiwa klorini kabla ya kusambazwa.

Tahadhari nyingine inawahusu walimu wa Arusha na maeneo mengine yanayozunguka Mlima Meru, ambako baadhi ya vyanzo vina madini ya floraidi kwa wingi, yale yanayoyapa meno rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, madini hubaki yakiwa mazito zaidi. Kule ni vyema mwalimu aandike ubaoni "salama dhidi ya vimelea", asiandike "salama" peke yake.

Upimaji: dakika 15

Upimaji wa lengo la kwanza umeshafanyika mwalimu alipopita kwenye vikundi na kuona ni vikundi vingapi viliweza kusoma neno MAJI. Lengo la pili hupimwa kwa swali moja linalojibiwa na kila mwanafunzi peke yake, kwa sentensi mbili, katika daftari:

*Asha amechuja maji ya bwawa kwa chujio la mchanga. Maji yametoka maangavu. Mdogo wake anataka kuyanywa papo hapo. Asha amwambie nini, na kwa nini?*

Alama ni 4. Mbili ni za tendo: asiyanywe mpaka yachemshwe au yatiwe dawa. Mbili ni za sababu: maji yana vijidudu visivyoonekana ambavyo mchanga hauwezi kuvizuia. Mwalimu hukusanya madaftari na kurejea ile hesabu ya mikono iliyoandikwa ubaoni, na darasa huambiwa chupa C ilikuwa na nini.

Thamani ya swali hili iko kwenye majibu yaliyokosewa. Mwanafunzi anayeandika "asinywe kwa sababu bado yana uchafu mdogo wa udongo" amepata tendo, lakini bado anahukumu maji kwa macho; siku atakapoyaona maangavu zaidi, atayanywa. Anayeandika "kwa sababu yana chumvi" ameuchukua mfano kuwa ndio jambo lenyewe. Anayeandika "asinywe kwa sababu mwalimu amekataza" amekumbuka kanuni ya kutoonja, basi. Watatu hawa wote wangepata alama 2 kati ya 4, na bado wanahitaji msaada tofauti.

Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya andalio, yaani tathmini na maoni, haipaswi kujazwa kwa maneno "somo limeeleweka". Katika darasa letu la mfano, ambamo wanafunzi 51 kati ya 54 walihudhuria, tathmini yenye manufaa ingesomeka hivi: vikundi 8 kati ya 9 vilisoma neno MAJI, kimoja kilikuwa na mwanya kwenye mchanga, wanafunzi 38 walitoa tendo na sababu, 9 walitoa tendo bila sababu sahihi, 5 kati yao wakitaja chumvi, wanafunzi 4 walisema maji yanyweke. Maoni: kipindi kijacho kianze kwa dakika 10 za kutofautisha kitu kilichoyeyuka na kiumbe hai, wale 4 wakae na mwalimu wakati wa mazoezi, waliokosa kuhudhuria wapewe swali la Asha baada ya kusomewa matokeo ya kikundi.

Shule zisizo na nafasi ya vipindi viwili mfululizo zinaweza kuugawa mpango huu. Kipindi cha kwanza kiishie kwenye kusoma neno MAJI, na cha pili kianze na maji ya chumvi. Katika hali hiyo, maji yaliyochujwa yamwagwe kwenye bustani kabla ya wanafunzi kuondoka. Bilauri ya maji maangavu iliyoachwa usiku mezani darasani, bila maelezo, itapata mtu wa kuinywa asubuhi.